Chakula Kisichouzwa cha Nakaloke

Ramula alikuwa na desturi ya kusafiri kabla ya safari. Alfajiri, kabla magari ya Iganga hayajaanza kugombania abiria pale Bugembe, aliketi kwenye kizingiti cha ofisi yake, chumba kimoja kilichobanana na duka la vipuri, akafumba macho na kuiacha barabara impitie. Upande wa Jinja ukungu ulikuwa ungali umeulalia mto, mweupe na mzito kama pamba isiyochambuliwa. Yeye, katika fikira zake, alikwisha kuuacha nyuma. Alikwisha kupita mashamba ya miwa, akaupita mji wa Iganga, akaingia barabara ya Tirinyi, mahali ambapo mafunjo ya mto Mpologoma husimama pande zote mbili za lami, na upepo ukija huinama yote kwa pamoja na kuinuka tena bila haraka. Kisha, mbali sana, kilijitokeza kitu mfano wa wingu lililokataa kuondoka. Ulikuwa mlima wa Wanale, umejilaza nyuma ya mji wa Mbale. Hapo ndipo alipofumbua macho na kuchukua kalamu.

Alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari walioletwa kutoka Sudani enzi za wakoloni, wakaachwa huku na bunduki zao, lugha yao na dini yao, hata watoto wao wakawa watu wa hapa. Alizaliwa Jinja, akaolewa Jinja, na kwa muda mrefu alifanya kazi ya mapokezi katika hoteli za mjini, akiwapa wageni funguo na kuwaelekeza njia. Mumewe, Ibra, alikuwa akiwaendesha watalii kwa gari lake mwenyewe. Ibra alipofariki, jamaa walimshauri Ramula aliuze gari. Hakuliuza. Alimwajiri Waiswa, Msoga mwenye maneno mengi na mikono mitulivu, akafungua kampuni ndogo ya safari za siku moja: kutoka asubuhi, kurudi jioni, kila mtu akalale kwake.

Katika miaka ya mapokezi alikuwa amesoma vipeperushi vya watu wengine mpaka akazijua siri za ufundi wake. Aliamini kwamba kila kipeperushi kina sauti mbili. Sauti ya kwanza huita: husimulia mto, mlima, harufu ya kahawa, humfanya msomaji aione siku ambayo bado haijazaliwa. Sauti ya pili huapa: bei inajumuisha hiki, bei haijumuishi kile, tunaondoka hapa, tunarudi wakati huu, vaa viatu vya namna hii. Sauti ya kwanza ikizidi, mgeni hufika akiwa na ndoto ambayo hakuna mtu anayeweza kuitimiza. Sauti ya pili ikizidi, hafiki kabisa. Kazi yote iko katika kuzifanya sauti hizo mbili ziseme jambo moja.

Safari aliyokuwa akiiandika asubuhi hizo ilikuwa ndiyo tumaini lake. Safari za mtoni kila mtu wa Jinja alikuwa nazo, na kampuni kubwa zenye mashua nyingi hazikumwachia nafasi. Ila safari ya Mbale, kwa siku moja, mpaka ndani ya nyumba ya Kinubi kule Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, hakuna aliyekuwa nayo. Nyumba yenyewe ilikuwa ya shangazi yake, Habibah, dada wa baba yake. Nangobi, meneja wa hoteli moja ya kando ya mto ambaye alikuwa amefanya naye kazi zamani, alikubali kukiweka kipeperushi hicho mezani pa mapokezi kabla ya msimu wa wageni kuanza. Bila meza ile, safari ingebaki ndoto ya kizingitini, na gari lingeendelea kulala.

Rasimu ya kwanza Ramula aliiandika kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kwa sababu mwisho wa juma hoteli ya Nangobi ilijaa Wakenya. Waiswa alipokiona Kiswahili alitikisa kichwa.

"Bosi, sisi huku tulizoea kukisikia Kiswahili kwa askari, kwenye kizuizi cha barabarani. Ukikiandika hivi kwa herufi kubwa, watu wa Iganga watainua mikono juu."

Ramula alicheka, lakini hakukifuta. Yeye Kiswahili alikirithi nyumbani kwa babu yake, karibu na sufuria, hakukirithi kizuizini.

Nangobi aliisoma rasimu akiwa amesimama, miwani ikiwa imemshukia puani. Alisifu mwanzo. Maneno yalisema: *Utaondoka Jinja mto ukiwa bado umejifunika shuka lake. Utaamkia barabarani.* Alikubali na mahali pa kuondokea, na saa ya kurudi, na maelezo kwamba kundi lisipungue watu wanne wala lisizidi saba, kwa maana ndivyo viti vya gari vilivyo. Kisha kidole chake kikashuka mpaka sehemu ya chini na kusimama. Alitaka kujua chakula cha mchana kiko wapi. Ramula alimweleza kwamba shangazi yake atawapikia, na kwamba jambo hilo limesimuliwa vizuri pale juu. Nangobi alimjibu kwamba palipo juu si mahali pake. Mgeni hasomi habari za chakula katika hadithi, huzitafuta katika orodha. Asipokiona huko, ama atafunga mkate wake kutoka hotelini na kumwaibisha mwenye nyumba, ama atafika na njaa na manung'uniko.

"Mgeni hagombi kwa kukosa kitu," alisema Nangobi. "Hugomba kwa kutojua kama atakikosa. Andika kimejumuishwa, au andika hakijajumuishwa. Nikiona moja kati ya hayo mawili, nakiweka kipeperushi mezani."

Ilikuwa haki. Ramula mwenyewe angemwambia mtu mwingine maneno yale yale. Akaongeza mstari katika orodha, *Chakula cha mchana katika nyumba ya Kinubi, Nakaloke*, kati ya maji ya kunywa na ada ya kuingia katika hifadhi ya Wanale, akapanda gari na Waiswa kwenda kumsomea shangazi yake. Hakuona kwamba jambo hilo lingekuwa zito. Alikwenda kwa adabu tu, kwa kuwa haifai kuiandika nyumba ya mtu bila mwenyewe kusikia.

Nyumba ya Habibah ilikuwa na ua uliofagiliwa mpaka udongo ukang'aa. Upande wa kusini, juu ya migomba, mlima ulionekana wote, na siku hiyo mawingu yalikuwa yakiushukia polepole kama watu wanaorejea nyumbani. Mkeka ulitandikwa. Habibah aliketi akisuka kawa la kufunikia chakula, nyuzi za rangi zikimzunguka miguuni, nyekundu, zambarau na kijani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu kusogea karibu. Kahawa yenye tangawizi ilikuwa jikoni, na harufu yake ilipita katikati ya moshi wa udi, na Ramula, kama kila mara alipofika hapo, alijisikia amepungua umri.

Alisoma. Shangazi yake aliusikiliza ukungu, na mafunjo, na mlima, akitabasamu bila kuinua macho kutoka katika kazi. Aliposikia jinsi nyumba yake ilivyoelezwa, alisema kwa sauti ndogo kwamba ua haujawahi kusemewa maneno mazuri namna hiyo. Kisha Ramula akafika kwenye orodha. Bei inajumuisha usafiri wa kwenda na kurudi. Inajumuisha kiongozi. Inajumuisha maji ya kunywa, chakula cha mchana katika nyumba ya Kinubi…

Sindano ya Habibah ilisimama.

Alimwomba arudie. Ramula akarudia. Shangazi akauliza kama maana yake ni kwamba mtu atatoa fedha Jinja, na ndani ya fedha hizo kutakuwa na sahani yake. Ramula alisema ndiyo, na kwamba hakukusudia kumnyonya. Angeleta malipo yake kila safari, kamili. Alidhani anafafanua. Kila neno lilikuwa likizidi kuharibu.

"Mwana wa kaka yangu," alisema Habibah, "mtu akilipia chakula Jinja, akifika hapa si mgeni. Ni mtu aliyekuja kuchukua mali yake. Na mimi nitakuwa nani? Nitasimama mlangoni niseme karibu, karibu kitu ulichokwisha kununua?"

Ramula alijaribu kueleza habari za hoteli, na orodha, na haki ya msafiri kujua. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumkatiza mwenziwe. Alisema hakatai watu. Walete hata kesho, weusi kwa weupe, na watakula washibe. Hakatai fedha pia. Mama yake aliuza makawa na vikapu sokoni Mbale, naye mwenyewe ameuza, na kama wageni wanataka kufundishwa kusuka, walipe, kwa sababu hiyo ni kazi ya mikono na ina bei tangu enzi za mama. Ila sahani iliyowekwa chini mbele ya mtu aliyevua viatu mlangoni haina bei, haijawahi kuwa nayo, na haitaanzia kwake. Na jambo moja zaidi alitaka lijulikane. Alisikia pale juu kwamba wageni watakaa saa moja kisha waende wakapande mlima. Nyumbani kwake mgeni hafukuzwi na saa. Kahawa ina mizunguko yake.

Alipomaliza alirudi kwenye kawa lake. Chakula kililetwa, wakala, na hakuna aliyegusia tena jambo hilo. Lakini walipokuwa wakiaga, Habibah alimshika Ramula mkono na kumwambia kwamba mstari ule ukibaki, asimlaumu akikuta mlango umefungwa. Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha.

Njia nzima ya kurudi Ramula alitazama nje dirishani. Jua la alasiri lilimwagika juu ya majaruba ya mpunga, na ndege weupe walisimama ndani ya maji wakiwa na vivuli vyao, kila mmoja kama aliyeandikwa mara mbili. Waiswa, ambaye hakupenda kimya, alishauri kwa upole kwamba wageni wapelekwe katika mkahawa wa Mbale. Wapo wazuri, na wali wao haumwulizi mtu ukoo. Ramula alijua kwamba kwa hesabu ya kazi ushauri ule ulikuwa sahihi. Alijua pia kwamba mkahawa wa Mbale ungeweza kuandikwa na mtu yeyote, na safari hiyo haingekuwa tena yake.

Siku zilizofuata alijaribu. Aliandika kwamba chakula hakijajumuishwa, akaona mgeni amefika na mkate wake kwenye mfuko, akimega mbele ya Habibah. Akafuta. Akaandika kwamba huenda chakula kikapatikana, akaona ni neno la mtu anayejificha, maana mgeni aliyetoka Jinja alfajiri hawezi kushibishwa na huenda. Akafuta. Akaandika kwamba chakula ni zawadi ya kampuni, akaona aibu, kwa sababu huo ulikuwa uongo wa kumpokonya shangazi yake mara ya pili. Nangobi alipompigia simu kuulizia, alimwambia bado kidogo.

"Ramula, hii ni karatasi ya safari au ni mkataba wa ndoa?"

"Ni yote mawili," alijibu, na ingawa Nangobi alicheka, yeye hakucheka.

Jibu halikuja kwa kuandika. Lilikuja asubuhi moja kizingitini, macho yakiwa yamefumbwa. Aliipita miwa, akaupita Iganga, akayapita mafunjo. Alifika Nakaloke, akaona wageni wake wakishuka garini mmoja mmoja na kuelekea mlangoni pa Habibah. Kulikuwa na kitu kisichokaa sawa katika picha ile. Akaitazama tena. Mikono yao ilikuwa mitupu. Tangu utotoni hakuwahi kumwona mtu akiingia katika nyumba ile mikono mitupu. Mama yake alikwenda na sukari. Wajomba walikwenda na majani ya chai, au mchele, au kuku aliyefungwa miguu. Wenye nyumba walipokea bila kutazama kilichomo, wakakipeleka ndani, na hakuna aliyewahi kukipima na kile alichokula. Chakula hakikuwa malipo ya sukari, wala sukari haikuwa malipo ya chakula. Kila upande ulitoa kwa sababu yake. Yeye alikuwa amewaandikia wageni chakula, akasahau kuwafundisha kuwa wageni.

Akaandika upya, taratibu. Asubuhi gari lingesimama katika soko kuu la Mbale. Hapo kila kundi lingechagua, pamoja na kiongozi, vitu vya kubeba: sukari, majani ya chai, mchele, mafuta. Vitu hivyo vingelipiwa na kampuni, na vingeingia katika orodha ya vilivyojumuishwa kwa jina lake halisi: *Zawadi ya mgeni, utakayoichagua sokoni na kuikabidhi mwenyewe.* Ndani ya orodha ile ile kulikuwa na somo la kusuka, na malipo ya mfundishaji. Chakula hakikuwa humo. Hakikuwa pia katika orodha ya visivyojumuishwa, pamoja na bakshishi, bima ya safari na vitu ambavyo mtu angenunua kwa hiari yake. Alikitengenezea mahali pake, chini ya orodha zote mbili:

*Chakula cha mchana hakiuzwi. Mwenyeji wako huwapikia wageni wake wote, nawe utakuwa mmoja wao. Usije na chakula chako, wala usimpe fedha kwa ajili yake. Usichokula, tuambie siku moja kabla. Ikiwa mwenyeji ana msiba au ugonjwa, tutakupeleka kula mjini Mbale kwa gharama yetu.*

Kisha akauondoa mlima. Aliuondoa kwa moyo mzito, kwa sababu mwendo wa Wanale ulikuwa umempa sentensi zake nzuri kuliko zote. Lakini siku ina urefu wake, na kipeperushi kinachoahidi mambo mawili makubwa kwa siku moja huyapunja yote mawili. Na shughuli ikiondoka haiondoki peke yake. Ilimbidi aifuate kila mahali ilipokuwa imeacha nyayo: ada ya hifadhi itoke katika orodha, onyo la mteremko litoke, viatu vya kupandia vitoke katika vitu vya kuja navyo, na bei ishuke kwa kadiri hiyo. Badala ya viatu aliandika soksi safi, kwa maana viatu vyenyewe vitabaki mlangoni. Badala ya saa kamili ya kuondoka Nakaloke aliandika *baada ya kahawa ya mwisho*, akaisogeza safari nzima mapema ili Waiswa aimalize barabara kabla ya giza.

Nangobi aliisoma mara mbili. Aliuliza mlima umekwenda wapi, akaambiwa wageni watauona wote kutoka uani, wakila. Aliuliza itakuwaje mwenyeji akipatwa na msiba, akaonyeshwa mstari wa mwisho. Mwishowe alivua miwani.

"Hiki hakiko katika orodha yoyote," alisema, kidole kikiwa juu ya chakula, "lakini mtu akikisoma hatafika na mkate. Haya. Nipe nakala chache za kujaribia. Wa kwanza wakirudi bila malalamiko, kachapishe."

Ramula hakwenda kumsomea shangazi yake rasimu hiyo. Alimtumia ujumbe tu kwamba Jumamosi atakuja na watu wanne, na Habibah akajibu kwa neno moja, karibuni, ambalo halikumwambia Ramula chochote.

Wanne hao walikuwa Okoth, mwalimu mstaafu kutoka Kisumu, na mkewe, pamoja na dada wawili Wajerumani, mkubwa na mdogo, waliokuwa wakikaa katika hoteli ya Nangobi. Waliondoka Jinja mto ukiwa umefunikwa. Ramula, aliyekuwa ndiye kiongozi, hakusimulia sana. Aliuacha ukungu ufanye kazi yake. Sokoni Mbale mke wa Okoth alichagua mchele kwa kuutafuna punje moja moja, muuzaji akamwuliza kama anaposa au ananunua. Okoth alibeba sukari. Dada mkubwa alipewa majani ya chai, akayashika kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa ndege.

Mlango wa Nakaloke ulikuwa wazi. Habibah alisimama hapo katika nguo yake ya Kinubi, kitambaa kirefu kikiwa kimempitia kichwani na begani. Alipoona mikono yao, aliinyoosha ya kwake. Akapokea sukari, akapokea mchele, akapokea chai, kila kimoja bila kukitazama, akasema karibu. Ramula aliusikia moyo wake ukitua, lakini si mpaka chini.

Walisuka. Walicheka vidole vyao. Mlima ulikuwa mbele yao, mawingu yakipanda na kushuka, na sindano zilipita katika nyasi. Kisha sinia likaletwa limefunikwa kawa kubwa la rangi. Habibah alilifunua mwenyewe. Palikuwa na gurusa, mikate laini ya duara iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, na mchuzi wa nyama, na mboga zilizotiwa karanga. Walinawa, wakala kwa mikono.

Na hapo, katikati ya mlo, yule dada mdogo, ambaye alikuwa amelala garini tangu Iganga na hakuwa amesoma kitu, alifungua mkoba wake kwa wema wote wa dunia, akatoa noti, akaziweka mkekani kando ya sinia.

Hakuna aliyezigusa. Mkono wa Habibah ulikuwa juu ya kipande cha gurusa na haukusogea. Ramula alijua kwamba akisema yeye, litakuwa neno la mwenye kampuni, na neno hilo lingethibitisha jambo lile lile lililokuwa likihofiwa.

Aliyesema ni dada mkubwa. Alichomoa karatasi kutoka katika mkoba wake, nakala ya kujaribia, imekunjwa pale pale chini ya orodha, akamsomea mdogo wake kwa sauti ndogo, kwa lugha yao. Mdogo akawa mwekundu mpaka masikioni. Alizirudisha noti, akamgeukia Ramula, akamwomba amwulize mwenyeji ni kitu gani kingine anaweza kufanya. Ramula akatafsiri. Habibah akainua mkono wake kutoka kwenye gurusa.

"Mwambie birika liko pale. Awanawishe wenziwe wakimaliza. Kwangu anayenawisha ni mtoto wa nyumba."

Msichana akaliendea birika kama mtu aliyesamehewa. Okoth, ambaye Kiswahili kilikuwa chake na hakuhitaji mkalimani, aliona kwamba hewa imefunguka, akaivuta sahani yake.

"Mama, karatasi yao inasema sijalipia chakula hiki. Sasa nikiongeza, itakuwaje?"

"Ukiongeza nitajua umekipenda," alijibu Habibah. "Usipoongeza nitajua umelelewa vibaya."

Mkewe alicheka mpaka akashika ubavu, akasema mama huyo ameyajua ya Kisumu bila kufika. Okoth akaongeza. Habibah alimwekea kwa mkono wake mwenyewe, zaidi ya alichoomba. Mizunguko ya kahawa ikapita, wa kwanza mchungu, wa pili mtamu, wa mwisho ukinywewa polepole sana, huku kivuli cha migomba kikitambaa juu ya mkeka na kuwafikia magoti. Waiswa alikuja mara moja mpaka langoni, akatazama, akarudi garini bila kupiga honi.

Walipoinuka, Ramula alibaki nyuma akikunja mkeka. Shangazi yake alimwomba ile karatasi. Hakuweza kuusoma upande wa Kiingereza, na upande wa Kiswahili aliusoma kwa shida, herufi kwa herufi, akiisogeza mbali na macho. Ramula alisimama, mkeka mkononi, wala hakumsaidia. Habibah alifika mwisho wa sehemu ya chakula, akarudia sentensi ya kwanza kwa midomo tu. Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya nguo yake begani.

"Ijumaa usiniletee mtu," alisema. "Ijumaa ni ya sala na ya ndugu. Na wale wasiokula nyama uniambie mapema, nisiwape aibu."

Ramula alisema atafanya hivyo. Aliuliza siku gani basi ingemfaa. Lakini shangazi alikuwa amekwisha kutoka mpaka kwenye ua wa miti unaozitenga nyumba mbili, ambako jirani yake, Nulu, alikuwa akianua nguo, akitamani kujua ni watu gani wale walioondoka na vikawa vilivyosukwa kombo. Ramula, akivaa viatu mlangoni, alimsikia shangazi yake akimwagiza Nulu amwekee karanga mbichi zile nzuri za kwake, na tangawizi kama itapatikana.

"Jumanne," alikuwa akisema kwa sauti yake ya chini, hata Nulu akalazimika kusogea karibu, "nina wageni."